Mkataba wa mwezi wa tatu, hati ya mwezi wa tisa

Nafanya kazi kwenye ofisi ya wakili hapa Dar na kuna aina moja ya mteja ambaye nikimuona tu anavyoingia mlangoni najua kilichompata. Anakuwa na bahasha ya kaki imechakaa pembeni, ndani yake mkataba wa mauziano, picha za pasipoti za muuzaji na mnunuzi, muhuri wa wakili, risiti za benki, kila kitu kimepangwa vizuri kabisa. Juzi alikuja mama wa namna hiyo. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa, akasema "mwanangu, mimi ndiye niliyenunua kwanza, tarehe hii hapa, huyo kijana kaja juzi juzi tu."

Na kweli alinunua kwanza. Kiwanja kipo Kigamboni, kimepimwa, kina hati. Mama kalipa hela yote mwezi wa tatu, wakasaini mbele ya wakili, muuzaji akampa kopi ya hati akasema orijino ipo kwa kaka yake mkoani ataileta. Mama akatulia. Mwezi wa sita yule yule muuzaji kachukua orijino yake (ilikuwa kabatini muda wote) kamuuzia kijana mmoja. Huyu kijana kaenda kufanya seachi kwa Msajili wa Hati, yaani kuangalia daftari la umiliki linasemaje, karatasi ikarudi safi, jina la muuzaji, hakuna rehani, hakuna zuio. Wakajaza fomu namba 29, 30 na 35, ridhaa ya Kamishna wa Ardhi ikatoka, kodi ya TRA ikalipwa, na mwezi wa tisa jina la kijana likaandikwa kwenye daftari. Mama kapata habari baada ya kukuta ukuta wa tofali umezungushwa.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Tumezoea kwamba aliyetangulia ndiye mwenye haki, na kwa ardhi isiyosajiliwa ni kweli kabisa. Ukinunua kiwanja cha mkataba wa serikali ya mtaa, muuzaji akishakuuzia na ukamlipa, hana kitu tena mkononi, kwa hiyo anayekuja wa pili ananunua hewa, hata awe muungwana kiasi gani. Mtu hawezi kutoa asichokuwa nacho. Lakini kiwanja kikishaingia kwenye rejista mambo yanageuka, kwa sababu chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, sura ya 334, mauziano hayahamishi umiliki mpaka yasajiliwe. Maana yake ile siku ya mwezi wa tatu mama hakununua kiwanja jamani, alinunua ahadi ya muuzaji kwamba atamhamishia kiwanja. Muuzaji akabaki mmiliki kamili kwenye vitabu, na mmiliki wa kwenye vitabu anaweza kuhamisha. Alipomhamishia kijana alihamisha kitu kilichokuwepo, ila alivunja ahadi ya mtu mwingine.

Mahakama ya Rufani ilishalisema hili waziwazi kwenye Rufaa ya Madai namba 35 ya 2019, kwamba watu wawili wakigombania ardhi moja, mwenye hati ndiye atakayechukuliwa kuwa mmiliki halali, isipokuwa ithibitishwe kwamba hati ile haikupatikana kihalali. Hiyo "isipokuwa" ndiyo mlango pekee wa mama, na ni mwembamba. Inabidi aonyeshe kwamba kijana alishiriki ujanja, au alijua kuna mtu kanunua akaamua kufumba macho. Mnunuzi anayelindwa ni yule aliyelipa kwa nia njema.

Kwa hiyo nikamuuliza maswali. Mama, uliweka chochote pale kiwanjani? Hapana. Tofali? Hapana. Mlinzi, kibao, hata mti? "Nilikuwa nasubiri nipate hela ya msingi." Basi hapo ndo moyo wangu ukazama, maana kama angekuwa ameshusha hata tripu moja ya mawe na mlinzi mmoja kwenye kibanda cha mabati, kijana alipokwenda kuangalia eneo angekutana navyo, na asingeweza leo kusimama mahakamani kusema hakujua. Kiwanja kitupu hakimwambii mtu chochote. Majirani je? Jirani mmoja alijua, ila kijana hakumuuliza, na kutouliza majirani kunaweza kubishaniwa, lakini ukitegemea hilo peke yake unaenda vitani na fimbo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba sheria ilikuwa na dawa na hakuna aliyemwambia. Ile siku ya kusaini angeweza kwenda kwa Msajili na kuweka zuio, wengine wanaita kaveti. Mtu yeyote anayedai maslahi kwenye ardhi iliyosajiliwa anaruhusiwa, na mnunuzi mwenye mkataba ana maslahi. Unajaza fomu, unaeleza unadai nini na kwa msingi gani, unaambatisha mkataba, unalipa ada. Msajili anamjulisha mmiliki, na tangu hapo zuio likiwa hai uhamisho unaopingana na dai lako hausajiliwi. Yule kijana angeliona kwenye seachi na angekimbia. Sio kufuli la milele, mmiliki anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba liondolewe na wewe ukaitwa ujieleze, lakini mtu mwenye mkataba na risiti ana cha kujieleza. Ukiweka baada ya jina kubadilika umechelewa, unakuwa umefunga mlango wakati ng'ombe ameshatoka, na mama alitaka tuliweke sasa hivi.

Kuna wenzangu wanasema sheria hii inamlinda mwenye hela na mjanja wa ofisini, ingetakiwa wa kwanza alindwe popote pale. Mimi sikubaliani nao, ingawa nikimwangalia mama naelewa wanatokea wapi. Fikiria upande wa kijana: kafanya kila kitu ambacho serikali imemwambia afanye, kasoma daftari, daftari limesema safi. Kama mkataba uliofichwa kwenye kabati la mtu unaweza kuishinda rejista, basi hiyo seachi ina kazi gani, na benki itakopesha kwa dhamana ya hati ipi? Lawama yangu naipeleka kwa mawakili wanaogonga muhuri kwenye mkataba wa kiwanja chenye hati na kumwacha mteja aende nyumbani akidhani kamaliza. Kwanza hela yote ya nini siku ya kwanza? Lipa sehemu, nyingine ibaki kwa wakili mpaka uhamisho usajiliwe. Na muuzaji asiyekuonyesha hati orijino kwa macho yako, hiyo stori ya kaka yuko mkoani iishie hapo hapo mezani.

Tukamweleza mama kilichobaki. Anaweza kumshtaki muuzaji kwa kuvunja mkataba, arudishiwe hela na fidia, na ana miaka 6 ya kufungua hilo dai. Polisi pia, maana kupokea hela ya kitu hicho hicho mara mbili kunanukia kujipatia fedha kwa udanganyifu. Kumng'oa kijana, bila ushahidi kwamba alijua, tukamwambia ukweli kwamba nafasi ni ndogo sana, kwa sababu hata mahakama ikiwa na mamlaka ya kurekebisha daftari, mmiliki aliyesajiliwa ambaye yupo pale kwenye ardhi na hakuhusika na ulaghai haondolewi kirahisi.

Akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua mkataba, akaukunja ulivyokuwa, akauliza kama huyo muuzaji ana kiwanja kingine chochote chenye jina lake kwenye rejista. Nikamwambia hilo swali ndilo zuri kuliko yote ya leo, na kesho yake asubuhi tukaenda wote kufanya seachi.