Bei ya chaneli ya YouTube na hatari ya siku 7 za makabidhiano

Wauzaji wa chaneli hutanguliza idadi ya wafuatiliaji, lakini mnunuzi analipia mapato yatakayobaki mwenyewe akishaondoka. Tuseme chaneli ya mafunzo ya kompyuta imeingiza dola 7,200 kwa miezi 12, wastani wa 600 kwa mwezi. Mhariri wa video analipwa 200, faida inabaki 400. Wakikubaliana kuzidisha faida hiyo kwa miezi 24, bei ni dola 9,600.

Muuzaji ana hoja, maana video za zamani huendelea kutazamwa bila yeye kugusa kitu. Lakini mnunuzi akikuta video moja inaleta asilimia 40 ya mapato, nayo inafundisha toleo la programu linalokaribia kuachwa, hesabu inabadilika. Ukiitoa, mapato yanashuka hadi 360, faida 160, na bei inakuwa 3,840. Pengo hilo ni kubwa mno kuzibwa kwa kubishana. Naona haki ni kulipa sehemu sasa na nyingine kufuatana na mapato ya miezi ijayo, ingawa hapo muuzaji anategemea bidii ya mtu mwingine. Na kama watu wanafuata sura au sauti yake, ningeshusha bei zaidi.

Skrinishoti zisikubaliwe kama ushahidi, kwa kuwa huhaririwa kirahisi. Muuzaji atoe ruhusa ya Viewer ndani ya YouTube Studio, ambayo inaonyesha mapato bila kumruhusu mgeni kubadili chochote. Wafuatiliaji wakiongezeka ghafla bila video inayoeleza ongezeko hilo, huku utazamaji ukibaki palepale, kuna uwezekano walinunuliwa. Straiki, yaani adhabu za YouTube kwa kuvunja kanuni zake, na madai ya hakimiliki nayo yakaguliwe hapohapo.

Makabidhiano ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi. Chaneli ikiwa kwenye Brand Account, yaani akaunti ya Google inayoweza kusimamiwa na watu kadhaa, mnunuzi huongezwa kama Owner, kisha husubiri siku 7 kabla ya kufanywa Primary owner, yaani mmiliki mkuu. Katika siku hizo, muuzaji aliyekwisha kulipwa anaweza kumwondoa, na mnunuzi ambaye hajalipa anaweza kuharibu video au kutoweka baada ya kupewa umiliki. Ndiyo maana fedha zikae kwa mtu wa kati wanayemwamini wote, zitolewe mnunuzi akishakuwa Primary owner na muuzaji ameondolewa. Akaunti ya AdSense, ambayo hupokea malipo ya matangazo, haihamishwi. Mnunuzi huunganisha yake.

Kununua akaunti ya Gmail yenye chaneli ni kosa: mwenyewe wa zamani anaweza kuirejesha kwa njia za kurejesha akaunti, naye muuzaji anakuwa ameuza barua zake binafsi. Chaneli ihamishiwe kwanza Brand Account.

Mkataba pia utamke kwamba hakimiliki ya video inahamia kwa mnunuzi, kwa sababu kukabidhi chaneli peke yake hakuhamishi haki hiyo, na muuzaji asiye na muziki au picha zake mwenyewe hawezi kuuza haki asizonazo.