Huku kengele hulia kwa chapati

Nyumba ninayopanga hapa Manchester ina kengele ya moshi juu ya mlango wa jikoni. Chapati ya pili haijageuzwa, imeshaanza kupiga kelele, nami napanda kiti kuipepea kwa leso. Kwetu Kisauni hatukuwa na kengele. Usiku mmoja jirani alilala na jiko la mkaa ndani ya chumba, na hakuna aliyejua mpaka alfajiri mtoto wake alipokuja kutugongea. Alipona, lakini kwa shida.

Wanatakwimu wana majina ya mambo haya mawili. Kengele ikilia na moto haupo, hilo ni kosa la aina ya kwanza: umetangaza tofauti ambayo haipo. Hatari ikiwepo na kengele ikanyamaza, hilo ni kosa la aina ya pili: tofauti ipo, nawe umesema haipo. Nimefanya kazi ya data kwetu na huku, na ninavyoona mimi, kila upande umezoea kosa lake na unaliona la mwenzake tu.

Huku nimeajiriwa na duka la mtandaoni. Kila wiki tunajaribu vitu kama ishirini: rangi ya kitufe, maneno ya punguzo, picha ya kiatu iangalie kushoto au kulia. Thamani ya p ikishuka chini ya 0.05, mstari kwenye skrini unageuka kijani na watu wanapongezana. Maana ya p ni hii: kama kusingekuwa na tofauti yoyote, ni mara ngapi bahati peke yake ingetupa tofauti kubwa kama hii au zaidi? Kwa kipimo cha 0.05, hata kama vitu vyote ishirini havina lolote, uwezekano wa angalau kimoja kugeuka kijani ni kama asilimia 64. Kwa hiyo karibu wiki mbili katika kila tatu kuna wa kupongezwa.

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba wateja wetu ni wengi mno, na ukiwa na watu wengi mno hata tofauti ya kweli isiyo na faida itapita mtihani wa p. Mfano unaojulikana ni jaribio la Facebook la Januari 2012, lililochapishwa 2014. Watu 689,003 walihusishwa bila kuulizwa, ili ionekane kama kupunguziwa habari za furaha, au za huzuni, kwenye kurasa zao kungebadilisha hisia za wanayoandika. Vyombo vya habari vilipiga kelele kwamba hisia za watu zinachezewa, na kuhusu ruhusa walikuwa na haki ya kupiga kelele. Ila matokeo yenyewe? P ilikuwa chini ya 0.001. Kwa waliopunguziwa habari za furaha, maneno yao ya furaha yalipungua kwa asilimia 0.1, yaani kama neno moja katika kila maneno elfu. Tofauti hiyo huenda ni ya kweli kabisa, ila ukikaa na mtu huyo mezani hutaiona.

Sasa upande wa nyumbani. Mdogo wangu anamalizia shahada ya pili ya afya ya jamii. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe saa sita usiku: "Dada, p imekataa. Supavaiza ataniua." Alikuwa na watu 120, nusu kwa nusu, kwa kuwa nauli na muda vilimruhusu hao tu. P yake ilizidi 0.05, naye akaandika sentensi ambayo nimeisoma kwenye ripoti nyingi za kwetu: hakukuwa na tofauti kati ya makundi mawili.

Nikampa mfano wa utafiti wa WelTel, uliofanyika Kenya na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010. Wagonjwa 538 walioanza dawa za ARV waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. La pili lilitumiwa ujumbe kwenye simu kila wiki, neno moja tu: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48, asipojibu, au akijibu "Shida", muuguzi alimpigia. Mwishoni, waliosema wamemeza dawa zao sawasawa walikuwa 168 kati ya 273 kwa waliotumiwa ujumbe, na 132 kati ya 265 kwa wenzao. Ni asilimia 62 dhidi ya 50, p ikiwa 0.006.

Wengi wangeishia kwenye hiyo 0.006. Mimi naanzia kwenye 12, tofauti kati ya 62 na 50. Maana yake ni kwamba ukiwatumia ujumbe wagonjwa tisa hivi, unapata mmoja zaidi anayemeza dawa vizuri. Mwenye kliniki anaweza kuamua kwa tarakimu hiyo, maana anajua bei ya ujumbe na mshahara wa muuguzi. Ukikokotoa masafa ya uhakika ya asilimia 95, tofauti ya kweli inaweza kuwa popote kati ya pointi 3 na 20. Kumbuka pia kwamba hayo ni maneno ya wagonjwa wenyewe, na mtu aliyesalimiwa kila wiki anaweza kuona haya kusema ameruka dozi. Ndiyo maana walipima virusi kwenye damu. Hapo ilikuwa asilimia 57 dhidi ya 48, p 0.04, na masafa yanaanzia chini ya nusu ya pointi. Matokeo yote mawili "yamepita", lakini hayana uzito mmoja.

Kisha nikamwambia: sasa wachukue hao hao, uwe na watu wako 120. Asilimia zile zile zinakupa 37 kati ya 60 dhidi ya 30 kati ya 60. P inakuwa kama 0.2. Ujumbe ni ule ule, wagonjwa ni wale wale, nawe ungeandika kwamba hakuna tofauti. Kwa sampuli hiyo, tofauti ya kweli ya pointi 12 ungeigundua mara moja tu katika nne hivi. Masafa yake yanatoka hasara ya pointi 6 hadi faida ya 29, na mtu mwenye masafa mapana hivyo hana ruhusa ya kusema "hakuna". Aseme sijui bado.

Na yule mmoja wa nne anayebahatika naye anatupotosha. Kwa watu 60 kwa 60, ili p ishuke chini ya 0.05 ni lazima tofauti ifike pointi 18 hivi. Kama ukweli ni 12, basi kila anayefaulu kuchapisha ametia chumvi bila kukusudia. Mtafiti wa mwaka unaofuata anapanga sampuli yake kwa kutegemea hizo 18, anachukua watu wachache tena, anakosa tena.

Huku duka langu lingeweza kuwapa watafiti hao wateja elfu hamsini na lisihisi pengo. Hilo linaniuma kuliko mvua ya Novemba: data nyingi zimemwagwa kwenye rangi ya kitufe, na kijana wa Kisauni anahesabu nauli ya kumfikia mgonjwa wa 121.

Mdogo wangu alifuta ile sentensi. Akaandika tofauti aliyoiona, masafa yake, na kwamba utafiti ulikuwa mdogo mno kukanusha kwamba kuna faida kubwa au hasara ndogo. Supavaiza amerudisha sura hiyo juzi, na pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu: "Vizuri. Lakini je, kuna tofauti au hakuna?"