Droo imepungua, simu imezidi, na dada ana dawa kichwani

Ilikuwa jumamosi ya mwisho wa mwezi, saluni imejaa mpaka watu wanasukwa wamekaa kwenye ndoo. Mi ndo nashika droo na simu ya kazi. Jioni tukabaki na mteja mmoja tu, ametoka kupakwa dawa ya nywele, anasubiri muda wake aoshwe. Bosi akasema basi tupige hesabu fasta tufunge.

Hesabu ya droo haina maajabu. Unachukua chenji uliyoanza nayo asubuhi, unajumlisha kesh yote iliyoandikwa kwenye daftari, unatoa matumizi yenye karatasi. Siku hiyo chenji ilikuwa 2,000, kesh 18,500, na kuna karatasi moja ya 1,000 ya sabuni na vitambaa. Kwahiyo ndani inatakiwa 19,500. Nikahesabu nikapata 16,000. Nikarudia na noti nazipanga kwa mafungu, 16,000 vile vile. Pungufu 3,500.

Bosi hakusema kitu, akachukua simu kwanza. Daftari linasema kwa simu tumeingiza 14,000, kushuka kwenye miamala ya leo akakuta 16,000. Uso ukachanua, "Mungu mkubwa jamani, huku tumezidi 2,000, hii ni baraka." Halafu akageukia droo uso ukafunga, "na hii 3,500 mtanilipa kwenye mishahara."

Yani baraka ni yake hasara ni yetu 😂

Kikao kikaanza hapo hapo. Kinyozi akageuza mifuko nje bila kuombwa, ikadondoka vichana vitatu na picha ya pasipoti ya mtu ambaye sio mke wake, kikao kikasimama kidogo kujadili hiyo picha. Dada wa kucha akaanza kulia. Msusi akaapa kwa mama yake, kwa bibi yake, akawa anatafuta ndugu mwingine wa kumuapia. Mi nawaambia ngojeni tusome muamala mmoja mmoja na daftari, maana pesa ikipungua huku na ikazidi kule siku moja, mara nyingi hiyo haijaibiwa, imehama tu mfuko. Nani ananisikiliza.

Nikaanza mwenyewe, kalamu mkononi, kila meseji natiki mstari wake kwenye daftari. 1,500 na 1,500, sawa. 4,000 na 4,000, sawa. Nikafika kwenye moja, simu inasema 5,000 daftari linasema dawa ya nywele 3,000. Nikauliza kwa sauti, "nani leo katuma elfu tano?"

Nyuma yetu ikatoka sauti ya mtu anayekufa. "NI MIMI! Nilikuja na boda sina kesh, nikatuma elfu tano mkanirudishia mbili mkononi nimlipe, sasa NIOSHENI KICHWA KINAWAKA MOTO!"

Jamani. Tulimsahau. Msusi alivyoruka kwenye sinki nadhani hata viapo vyake vilibaki hewani.

Kumbe huyo mteja alivyofika mi nilikuwa naosha mtu, kinyozi ndo alikaa kwenye droo, akatoa hiyo 2,000 akaandika bei ya huduma basi. Sasa ilitakiwa aandike simu imeingia 5,000, na mstari wa pili droo imetoka 2,000 chenji ya simu. Hapo kila upande ungesimama. Kwahiyo baraka ya bosi ilikuwa imetoka kwenye droo yake mwenyewe, na pungufu ya kweli sio 3,500, ni 1,500. Na hiyo 1,500 haina pacha kwenye simu, ina maana imetoka kabisa.

Kimya. Kila mtu anamuangalia kinyozi, kinyozi anaangalia picha yake.

Dada wa kucha akafuta machozi akasema taratibu, "bosi, mchana si ulichukua hela ya mafuta ya jenereta?"

"Ile sikuchukua, ile nilitoa."

"Karatasi iko wapi?"

"We unaniomba mimi karatasi kwenye saluni yangu?"

Nikaandika mimi, mafuta 1,500, nikamsogezea asaini, akasaini huku anaangalia dirishani. Hesabu ikakaa sawa mpaka shilingi ya mwisho, nikafunga daftari.

Yule mteja akatoka kwenye sinki, taulo kichwani, masikio mekundu, anataka arudishiwe elfu moja ya usumbufu. Bosi akakubali haraka, akafungua droo. Mteja akakataa, alilipa kwa simu arudishiwe kwa simu, na ada ya kutuma sio juu yake. Bosi akanigeukia, "sasa hiyo ada unaiandika wapi?"

Nikafungua daftari tena.