Kivuli hakina kosa, bajaji yako ndiyo haijasimama barabarani

Kila anapoonyesha picha aliyochomeka kitu mtaani, gari au kibanda au mtu, dizaina akiambiwa "imebandikwa" hukimbilia kivuli. Anakiongeza weusi, anakilainisha, anapunguza mwanga kwenye leya, anapaka rangi ya vumbi kwenye matairi. Nimefanya hivyo miaka mingi. Siku hizi naona kivuli kinasingiziwa. Mara nyingi kitu kinaelea kwa sababu kimepigwa na kamera iliyokuwa kwenye kimo kimoja, kikapelekwa kwenye mtaa uliopigwa na kamera ya kimo kingine. Hilo halifutiki kwa brashi.

Nieleze kazi iliyonifundisha, maana niliiharibu mwenyewe. Mteja alitaka bango la bajaji za mkopo, na bajaji iwe imeegeshwa katikati ya Kariakoo. Picha ya mtaa niliipiga nikiwa kwenye roshani ya ghorofa ya kwanza, kamera kama mita 5 kutoka barabarani, nimeishika wima bila kuiinamisha. Ilikuwa nzuri: maduka pande zote, miamvuli ya wamachinga, watu wanapita. Bajaji niliipiga uani kwa mteja, nimesimama hatua kama kumi hivi, tuseme mita 8, kamera usawa wa jicho langu, mita 1.6. Nikaikata vizuri, nikaishusha mtaani, nikabonyeza Ctrl+T kwenye Photoshop, nikaivuta hadi ikapendeza.

Neno "ikapendeza" ndilo lililoniponza. Dereva mmoja wa pale kwa mteja, mzee wa makamo, aliliangalia bango kwenye kompyuta akasema, "Mwanangu, hii mbona kama inataka kuanguka kinyumenyume? Halafu abiria wake atapandia ngazi?" Nilicheka. Usiku nikakaa na ile picha na rula ya skrini, nikakuta mzee amesema mambo mawili tofauti, na yote ni kweli.

Tuanze na ngazi, yaani ukubwa. Kwenye picha yoyote iliyopigwa mahali tambarare, kuna mstari wa upeo wa macho, hata kama majengo yameuficha. Mstari huo uko kwenye kimo cha kamera, popote unapotazama. Maana yake, kutoka tairi linapogusa lami hadi kwenye mstari wa upeo ni kimo cha kamera, iwe kitu kiko karibu au mbali. Hapo ndipo rula inapopatikana bure. Kwenye picha yangu, baada ya kukata sehemu ya juu, upeo ulikuwa kwenye pikseli ya 1500 kutoka juu, na mahali nilipoiegesha bajaji matairi yaligusa pikseli ya 3500. Tofauti ni pikseli 2000, na hizo ni mita 5. Basi pale pale, kwenye mstari ule wa matairi, mita moja ni pikseli 400. Bajaji ina kimo cha kama mita 1.7, kwa hiyo ilitakiwa iwe na pikseli 680. Mimi niliivuta hadi 1000.

Pikseli 1000 pale ni mita 2 na nusu. Bajaji ya mita 2 na nusu! Kiti cha abiria kinafika tumboni kwa mtu. Na kando yake kulikuwa na muuza soksi amesimama, nyayo zake karibu mstari mmoja na matairi yangu, ana pikseli 680 kamili. Bajaji halisi ukisimama kando yake, paa lake linakaribia utosi wako. Hii yangu ilimfunika. Kila mkazi wa Dar analijua hilo kwa mwili wake hata kama hajawahi kulisema, ndiyo maana mzee aliwaza ngazi kabla hajawaza pikseli.

Upeo wenyewe unautafutaje mtaani ambako huoni mwisho wa dunia? Chukua mistari iliyo sawa na ardhi na inayokwenda upande mmoja: safu ya madirisha ya ghorofa, ukingo wa mabati ya vibaraza, ukingo wa njia ya miguu. Iongeze kwa zana ya mstari kwenye leya yake hadi ikutane. Inapokutana, pitisha mstari mlalo. Huo ndio upeo, mradi kamera haikulala upande. Kama mpiga picha alisimama chini mtaani, kuna njia ya mkato: vichwa vya watu wazima waliosimama vitajipanga karibu mstari mmoja, wa karibu na wa mbali, huku miguu ikipanda juu kadiri watu wanavyokwenda mbali. Leon Battista Alberti, msanifu majengo wa Italia, aliliandika hili mwaka 1435, akiwaza watu wanaotembea ndani ya hekalu. Mimi huwa naliona vizuri zaidi kituo cha daladala.

Kwenye miji ya vilima uwe mwangalifu. Ukipiga picha barabara inayopanda Bugando pale Mwanza, kingo za barabara zitakutana juu ya upeo, kwa sababu lami inapanda. Madirisha hayapandi, fundi aliyapima kwa pima maji. Fuata madirisha.

Sasa lile la kuanguka kinyumenyume. Nilirudisha bajaji kwenye pikseli 680, ukubwa sahihi, nikatarajia mambo yaishe. Hayakuisha. Ilikuwa ndogo na bado imebandikwa. Basi nikaenda kutafuta upeo kwenye picha ya bajaji yenyewe, jambo ambalo wengi hatulifanyi kabisa, kwa sababu tukishaikata mandhari ya nyuma tunasahau kwamba kitu kile kilikuwa na upeo wake. Kamera ilikuwa mita 1.6, bajaji mita 1.7. Upeo ulipita sentimita 10 tu chini ya kilele cha paa. Kwenye mtaa wangu, upeo ulipita mita 5 juu, karibu bajaji tatu zikipandana.

Huo ni mgongano usio na suluhu. Nikitaka alama ya upeo ya bajaji ikae juu ya upeo wa mtaa, na matairi yabaki pale pale, lazima niivute hadi pikseli 2125. Nilijaribu kwa hasira, ikawa nyumba. Nikiipunguza hadi 680, ukubwa ni sawa lakini umbo linasema uongo: kutoka roshani ya mita 5 ningeiona turubai ya paa kwa juu, nayo kwenye picha yangu haionekani, kwa sababu kamera haikuwahi kuiona. Na chini, matairi. Ukitazama kutoka juu, tairi la mbele lililo karibu na tairi la nyuma lililo mbali huachana sana kwa kwenda juu na chini kwenye picha. Ukitazama kwa usawa wa jicho, karibu yanalingana. Kwa hiyo nikikanyagisha tairi la mbele barabarani, ya nyuma yanazama ndani ya lami. Nikiyainua ya nyuma, la mbele linaelea. Hapo ndipo dizaina huanza kuongeza kivuli.

Watu hupenda kushauri zana za Distort au Perspective. Ukivuta pembe za picha, unaweza kuyarudisha matairi yako, lakini paa huwezi kulitengeneza kwa kuvuta. Kwa kitu bapa, kama bango la ukutani au mlango, pembe zinatosha kabisa. Kwa kitu chenye paa, tumbo na nyuma, upande usiopigwa picha haupo.

Hapa nitofautiane na wenzangu kwa jambo moja linalorudiwa sana mafunzoni: kwamba mistari ya kitu ulichochomeka lazima ikutane nukta moja na mistari ya mtaa. Si kweli, na imeharibu kazi nyingi. Madereva hawaegeshi bajaji kwa kufuata kingo za barabara kama treni kwenye reli. Ikiegeshwa mshazari, mistari yake inakutana kwenye nukta yake yenyewe, pengine nje kabisa ya picha. Kinachotakiwa ni nukta hiyo iwe kwenye mstari uleule wa upeo. Nimeona mtu anaipindapinda gari nzuri hadi inakuwa kama sanduku lililokaliwa, ili tu ielekee nukta ya mtaa, wakati ilikuwa sawa tangu mwanzo.

Umbali nao una neno lake, ila si kubwa kama watu wanavyodhani. Ukiipiga bajaji kwa simu ukiwa mita 2, sehemu yake iliyo mita 4 itaonekana nusu ya ile ya mbele. Pua inakuwa kubwa, nyuma inasinyaa. Ukirudi mita 8, sehemu iliyo mita 10 inapungua kwa moja ya tano tu. Ile ya mita 2 ukiipeleka mbali mtaani, itabaki na pua yake kubwa kama kikaragosi, hata vipimo vikiwa sahihi. Si lenzi inayofanya hivyo, ni pale ulipokuwa umesimama. Kutoka mita 8 kwenda 16, mimi huvumilia, na sijaona mteja aliyegundua.

Basi nilikuwa na njia mbili: kuirudia bajaji nikiwa juu ya ghorofa la jirani ambalo halijaisha, au kuurudia mtaa nikiwa chini. Ghorofa lile halina ngazi ya kuaminika. Jumapili asubuhi, kabla meza hazijatandazwa, nilisimama Kariakoo barabarani, kamera mita 1.6, imelala sawa, picha ya upana pikseli 6000 kwa 4000. Upeo ukaja katikati, 2000. Mahali palipo mita 8 mbele yangu palikuwa kwenye 2800. Pikseli 800 kwa mita 1.6, yaani 500 kwa mita, na bajaji pikseli 850. Nilichora alama nyekundu kwenye leya ya bajaji pale upeo wake ulipopita, nikaiweka alama juu ya upeo wa mtaa, nikavuta kutoka hapo hadi matairi yakagusa 2800. Nilipopima urefu, 850. Sikuwa nimeulazimisha.

Kivuli nilikichora kwa dakika kumi, chembamba, chini ya matairi tu, maana jua lilikuwa halijachomoza vizuri.

Nilipompelekea mzee yule, aliitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akauliza, "Na sisi tunaruhusiwa kuegesha hapo siku hizi?"