Kufupisha maelezo ya wahandisi bila kupotosha hatari

Tarehe 24 Januari 2003, Don McCormack wa NASA aliwapa wakuu wa safari ya chombo cha anga Columbia muhtasari wa uchambuzi wa wahandisi. Siku 8 kabla, sekunde kama 82 baada ya kuruka, kipande cha povu gumu linalofunika tangi la nje la mafuta kilichomoka kikagonga bawa la kushoto. Kikao kilirekodiwa, na maneno yake yalichapishwa baadaye. Wakuu walitoka na jambo moja: huenda vigae vya kukinga joto vimeharibika, lakini joto halitapenya. Tarehe 1 Februari Columbia ilisambaratika ikirejea duniani, na wanaanga wote 7 wakafa.

Ni rahisi kumlaumu aliyefupisha. Ukisoma rekodi, unakuta McCormack alisema wazi kwamba kuna mashaka mengi kuhusu ukubwa wa kipande, mahali kilipogonga na pembe kilikojia. Sentensi hiyo ilitamkwa. Kisha likaja swali la mwenyekiti kama maana yake ni kubadilisha vigae tu baada ya kutua, mazungumzo yakaelekea huko, na yale mashaka hayakuingia kwenye hitimisho.

Wanaotetea muhtasari mfupi wana hoja nzito. Meneja mwenye ajenda ndefu hawezi kubeba tahadhari ishirini. Akipewa zote kwa uzito uleule, hataona ipi inamhusu. Tena, kuandika kila kitu si uaminifu. Slaidi ya wahandisi wenyewe ilikuwa na kichwa cha kutuliza, kilichosema data za majaribio zinaonyesha makadirio yao yamejiwekea tahadhari ya kutosha. Mstari wa mwisho kabisa, kwa maandishi madogo, ndio uliotaja kwamba kipande kilikadiriwa kuwa inchi za ujazo 1920, wakati cha majaribio kilikuwa 3. Hakuna kilichofichwa, lakini anayesoma haraka hawezi kukiona.

Kwa upande wa pili, mwandishi asiye mhandisi akipewa ruhusa ya kuchagua, huchagua kinachosomeka vizuri. Programu ya makadirio, Crater, ilikuwa imetoa hata majibu yenye kina cha uharibifu kinachozidi unene wa kigae. Wahandisi hawakuyachukua yalivyo kwa sababu kwa vipande vidogo Crater ilizoeleka kukadiria kupita kiasi. Kwa hiyo “joto halitapenya” halikuwa jibu la kompyuta wala la jaribio. Yalikuwa maoni ya watu wenye ujuzi, yaliyojengwa juu ya tabia ya programu ndani ya mipaka ambayo kipande hiki kilishaivuka. Ukiandika “uchambuzi umeonyesha”, umeyageuza maoni kuwa kipimo.

Hata namba sahihi inaweza kupotosha. 1920 kwa 3 ni mara 640, sawa na lita 31 za povu mbele ya vijiko vitatu vya mezani. Meneja akiisoma namba hiyo peke yake atadhani hatari ni mara 640, na sivyo. Povu ni jepesi, na madhara hutegemea pia mwendo na pembe. Namba hiyo inasema jambo moja tu: programu inaulizwa swali ambalo haikujaribiwa kulijibu. Maana hiyo lazima iandikwe pembeni yake, la sivyo bora namba isiwepo.

Binafsi nasimama hapa: lugha ifupishwe bila huruma, lakini msingi wa kila hitimisho ubaki kwenye aya ileile na hitimisho lenyewe, si kwenye kiambatisho. Kwa yaliyojulikana siku ile, aya ingetosha kuwa hivi:

“Wahandisi wanaamini joto halitapenya bawa. Hayo ni maoni, hayajajaribiwa: programu waliyotumia ilithibitishwa kwa vipande vidogo mara 640 kuliko hiki, kwa hiyo hatujui inakosea kiasi gani hapa, wala inakosea upande upi. Mahali kilipogonga hapajulikani kwa hakika. Picha za bawa zingepunguza shaka hiyo. Ombi la kuzipata lilisitishwa tarehe 22.”

Msamiati wa kihandisi umeondoka karibu wote, na meneja ameachiwa uamuzi wa kufanya. Ugumu uko kwenye kuipata aya hiyo. Nakala ya maandishi haitoshi. Inabidi kurudi kwenye sauti yenyewe, hasa kipindi cha maswali, na kutenganisha “tumepima” na “tunadhani”. Kisha rasimu irudi kwa mhandisi aliyezungumza, aoneshwe kila “hakuna” na kila “haiwezekani” iliyoandikwa, na aulizwe kama yuko tayari kuitia sahihi bila kuongeza neno. Akitaka kuongeza, neno hilo liingie kabla muhtasari haujamfikia meneja, hata kama ukurasa mmoja utakuwa mmoja na nusu.