Kabla mpwa wangu hajaacha kazi ya bandarini

Mpwa wangu ana miaka 26, anafanya kazi kwa wakala wa forodha hapa Tanga na hupokea shilingi 450,000 mkononi kila mwezi. Amepata nafasi ya kusoma shahada ya miaka mitatu Dar es Salaam. Ukoo mzima unajadili ada, na mama yake yuko tayari kuuza kiwanja chake cha Pongwe. Mshahara atakaouacha haujatajwa na mtu, nami naona huo ndio wenye uzito zaidi.

Ada ni milioni 1.5 kwa mwaka, yaani milioni 4.5 kwa miaka mitatu. Chakula sikihesabu, kwa sababu hata akibaki Makorora atakula. Ninachohesabu ni nyongeza tu: chumba cha kupanga Dar, kama milioni 3 kwa muda wote, kisha kompyuta, vitabu na nauli, milioni 1.3. Jumla ni milioni 8.8. Sasa weka mshahara wa miezi 36 ambao hataupata: milioni 16.2. Jumla kuu inafika milioni 25, na karibu theluthi mbili yake ni mshahara uliopotea. Kiwanja hakitaufidia huo.

Upande wa mapato, tuseme shahada itampa kazi yenye mshahara wa msingi wa milioni 1. Akishakatwa mchango wa hifadhi ya jamii na kodi, anabaki na kama 800,000. Faida ya shahada basi ni 350,000 kwa mwezi, au milioni 4.2 kwa mwaka. Wengi hukosea hapa kwa kuhesabu 800,000 yote kana kwamba asiye na shahada hapati kitu.

Ukizidisha milioni 4.2 kwa miaka 30 hadi astaafu akiwa na 60, unapata milioni 126, na mtu anaona neema tupu. Lakini shilingi ya mwaka wa 20 haina thamani ya shilingi unayoitoa leo. Hatifungani za serikali za miaka 20 zimetoa riba ya zaidi ya asilimia 12 miaka ya karibuni, na mfumuko wa bei umekuwa asilimia 3 hadi 4. Kwa hiyo napunguza kila fedha ya baadaye kwa asilimia 8 kwa mwaka. Nikidhani atakaa mwaka mmoja bila kazi baada ya kuhitimu, milioni 126 zinageuka milioni 37.5 za leo. Gharama, pamoja na mshahara wa mwaka huo wa kusubiri, nayo ikipunguzwa vivyo hivyo, ni milioni 27.5. Faida ipo, milioni 10.

Sasa asubiri miaka mitatu badala ya mmoja. Gharama inapanda hadi milioni 35, mapato yanashuka hadi milioni 31.6. Ni shahada ileile, ada ileile, lakini sasa ni hasara. Ndiyo maana nimemwambia awatafute waliohitimu fani hiyohiyo miaka miwili au mitatu iliyopita na awaulize walikaa miezi mingapi kabla ya mshahara wa kwanza, na ulikuwa kiasi gani. Asiwaulize waliofanikiwa tu. Aliyerudi nyumbani na cheti ndiye mwenye habari tunayoihitaji zaidi.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo akiupata ni nafuu ya kweli, hasa baada ya tozo ya kulinda thamani ya mkopo kufutwa mwaka 2021. Ila makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwenye milioni 1 ni 150,000, kwa hiyo ile faida ya 350,000 inabaki 200,000. Kama mkopo ni milioni 8.8, hali hiyo itadumu karibu miaka mitano. Na mkopo haulipi ile milioni 16.2.

Mimi naona abaki kazini na asome Chuo Kikuu Huria, chenye kituo hapa Tanga. Hata ikimchukua miaka mitano, anatoa ada na vifaa, kama milioni 6, na mshahara haukatiki. Shahada isipomletea kazi mpya, hasara yake ni hiyo tu, na uzoefu wake wa forodha umeongezeka. Ugumu wake naujua: meli ikifunga gati, usiku wa kusoma haupo, na wengi huishia njiani. Kwa hiyo ada yake nitailipa mimi, muhula kwa muhula, baada ya kuona matokeo ya uliotangulia. Akileta barua ya mwajiri wa kumpokea baada ya Dar, nitaunga mkono aende. Kiwanja cha dada yangu kisiuzwe kwa vyovyote vile.