Mabomba Yaliyoletwa na Dashibodi

Jumatatu dashibodi ya mradi wetu wa kudodosa kaya ilionyesha kwamba asilimia 40 ya kaya zina bomba la maji uani. Alhamisi ilipohuishwa ilionyesha asilimia 52. Mkuu wa mradi alisimama mbele ya projekta, akatutangazia kwa furaha kwamba huduma inapanda. Mama mmoja aliyesimamia wadodosaji wa Kadutu akauliza kwa upole, "Patroni, hayo mabomba yamewekwa wapi katika siku tatu?" Watu walicheka, kisha mkutano ukaendelea. Mimi sikuweza kuendelea, na ndiyo maana ninaandika.

Mradi ulihusu komini mbili za hapa Bukavu, Kadutu na Ibanda. Namba nitazifanya za mviringo ili hesabu ifuatike. Orodha yetu ilikuwa na kaya 30,000 upande wa Kadutu na 10,000 upande wa Ibanda, nasi tukachagua kaya 400 kila upande. Idadi hiyo sawa haikuwa kosa, kwa sababu ukitaka kuisemea kila komini peke yake, unahitaji sampuli ya kutosha katika kila moja. Kosa linaanza pale mtu anapomwaga fomu zote kwenye kapu moja na kugawanya.

Hadi Jumatatu, Kadutu walikuwa wametuma fomu 300, na kaya 90 kati ya hizo zilikuwa na bomba. Ibanda walikuwa wametuma 100, zenye bomba 70. Jumla ni 160 kati ya 400, yaani asilimia 40. Kufikia Alhamisi Ibanda walikuwa wamefikisha fomu 380, zenye bomba 266, lakini Kadutu walibaki na zile zile 300. Sasa ni 356 kati ya 680, na hiyo ndiyo asilimia 52 iliyopigiwa makofi. Tazameni vizuri: Kadutu imebaki asilimia 30 na Ibanda asilimia 70, siku zote mbili. Kilichobadilika ni nani aliyetuma fomu zake.

Dawa yake ni uzito, na wala si uchawi wa wataalamu kutoka Kinshasa. Unagawanya idadi ya kaya zilizo kwenye orodha kwa idadi ya kaya zilizojibu, kwa kila komini. Siku ya Alhamisi kila fomu ya Kadutu ilisimama kwa niaba ya kaya 100, ilhali ya Ibanda ilisimama kwa niaba ya kaya 26 hivi. Ukizidisha, Kadutu inatoa kaya 9,000 zenye bomba na Ibanda 7,000, jumla 16,000 kati ya 40,000. Ni asilimia 40 tena. Siku ya Jumatatu dashibodi ilisema kweli kwa bahati tu, kwa kuwa siku hiyo fomu zilikuwa tatu kwa moja, sawasawa na kaya zenyewe.

Nakubali, ingawa sipendi, kwamba uzito una gharama: fomu hizo 680 zikishapewa uzito usio sawa, zinatupa uhakika unaokaribia ule wa fomu 490 tu. Nakubali pia kwamba orodha yenyewe ni ya kukadiria, kwa sababu nchi hii haijafanya sensa kamili tangu 1984. Lakini kutotumia uzito si kuepuka makadirio. Ni kukadiria kimyakimya kwamba Ibanda ina watu wengi kuliko Kadutu.

Linalonikera zaidi ni kile kisanduku cha kijani kilichoandikwa "waliojibu: 85%". Asilimia hiyo ni mchanganyiko wa 95 ya Ibanda na 75 ya Kadutu, na kuipaka rangi ya kijani ni kuwafukia watu 100 wa Kadutu chini ya bidii ya Ibanda. Uzito hauwafufui hao. Unadhani tu kwamba kaya 100 zilizokosekana zinafanana na 300 zilizopatikana. Je, zinafanana? Mdodosaji alibisha hodi saa nne asubuhi, wakati mwenye nyumba yuko sokoni au kwenye foleni ya maji na bidoni zake. Kama hakuna hata mmoja wao mwenye bomba, Kadutu inashuka hadi asilimia 22 na nusu, na jumla ya komini zote mbili hadi takriban 34. Hakuna rangi ya kijani inayoonyesha pengo hilo.

Na afadhali milango hiyo ilihesabiwa kuwa imefungwa. Nimeona kwingine mdodosaji akihamia kwa jirani, fomu zikatimia 400, na dashibodi ikasema kwamba wote wamejibu.

Baada ya mkutano yule mama aliomba timu yake irudi kwenye kaya zile 100 jioni, saa kumi na mbili, watu wakiwa nyumbani. Aliambiwa kwamba pesa za usafiri zimekwisha, na kwamba tayari waliojibu wamevuka asilimia 80.